"Anaendelea vizuri" haitoshi kwenye faili la mgonjwa wa kiharusi

Fungua faili la mgonjwa wa kiharusi anayehudhuria fiziotherapia na mara nyingi utakutana na sentensi moja: "Anaendelea vizuri, mazoezi yaendelee." Wanaoitetea wana hoja. Foleni ni ndefu, na namba ikiachwa peke yake hupotosha. Mgonjwa anaweza kuongeza kasi kwa kuuzungusha mguu dhaifu kwa nje na kuegemea ule mzima, na saa ikahesabu hiyo kuwa nafuu. Jicho la mtaalamu huona kisichoonyeshwa na muda.

Naikubali hoja hiyo nusu tu. Mgonjwa akipokelewa na mtaalamu mwingine, huyo hana jicho la yule wa kwanza. Ana karatasi.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58, wiki ya sita tangu kiharusi kidhoofishe upande wake wa kushoto. Lengo liandikwe hivi: ndani ya wiki 4 atatembea mita 15 kutoka mlangoni hadi chooni kwa fimbo, bila kushikwa. "Kuimarisha mguu" si lengo, kwa sababu hakuna siku mtu atakayoweza kusema limetimia. Lengo likishakuwa la kutembea, kipimo kinajichagua: muda wa kutembea mita 10. Wiki iliyopita alitumia sekunde 31, leo 25, yaani kasi imepanda kutoka mita 0.32 kwa sekunde hadi 0.40.

Hapa wapenda namba nao huteleza. Katika miezi miwili ya mwanzo, ongezeko la takribani 0.16 ndilo huhesabiwa kuwa la maana kwa mgonjwa, hivyo hili la 0.08 litasomeka dogo. Lakini wiki iliyopita alishikwa mkono, na leo ametembea kwa fimbo peke yake. Hilo ndilo badiliko lenyewe, na ndilo linalomsogeza karibu na choo chake. Kwa hiyo kando ya kila namba paandikwe kifaa, viatu, msaada aliopewa, na kama ulikuwa mwendo wake wa kawaida au wa haraka. Hayo yakibadilika kimyakimya, ulinganisho unakufa.

Mazoezi nayo yanataka undani. Badala ya "kukaa na kusimama", andika: kiti cha sentimita 45, bila kutumia mikono, mara 8 kwa mizunguko 3, goti la kushoto likaanza kurudi nyuma alipofika mara ya sita. Kipande hicho cha mwisho kinamwambia wa zamu ijayo kwamba bado si wakati wa kushusha kiti. Apunguze kwanza idadi, alisimamie goti.

Siku ya foleni ndefu ningeruka kipimo cha mita 10, nikikirudia mara moja kwa wiki. Mazoezi na badiliko ningeyaandika kila mgonjwa anapokuja, hata kwa mistari miwili.