Sahihi ni yake, tarehe si yake

Siku anaajiriwa, rafiki yangu alisaini karatasi sita. Karani wa utumishi alikuwa anazigeuza kwa kidole, anaonyesha tu pale chini: hapa, na hapa, na hapa. Nje kulikuwa na foleni ya watu wanaoitaka kazi hiyohiyo. Karatasi ya tano ilikuwa na mistari miwili: "Mimi niliyesaini hapa chini naacha kazi kwa hiari yangu kuanzia tarehe…" Nafasi ya tarehe ilikuwa wazi. Alipouliza, akajibiwa kwamba ni utaratibu tu, kila mtu anasaini.

Nikisimulia kisa hiki, hakosi mtu wa kuniambia: "Si alisaini mwenyewe?" Ndiyo, alisaini mwenyewe. Lakini kujiuzulu ni uamuzi wa siku fulani, na siku ile uamuzi wake ulikuwa wa kuingia kazini, si kutoka. Aliyeamua atoke lini ni yule aliyekuja kuijaza ile nafasi.

Tajiri anaitaka karatasi ile kwa hesabu nyepesi. Akimfukuza mtu, anadaiwa sababu. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mfanyakazi asiachishwe bila sababu ya msingi, na ukataja mojawapo ya njia za kumlinda: mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo awe nao mwajiri. Mtu akijiuzulu, yote hayo yanayeyuka. Hakuna sababu ya kueleza, mara nyingi hakuna kiinua mgongo, na mzigo wa kuthibitisha unamhamia mfanyakazi. Kwa hiyo karatasi hulala kwenye faili mpaka mtu apate mimba, aumie, au aanze kuulizia haki zake.

Rafiki yangu aliumia. Mwaka wa pili, mashine ya kukatia ilimchukua ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Alitibiwa, akarudi kazini, akajifunza upya kushika kalamu kwa kuibana kati ya dole gumba na kidole cha kati. Miezi michache baadaye akaanza kufuatilia fidia. Wiki ya tatu ya kufuatilia, mlinzi akamzuia getini: wewe si umeacha kazi? Ofisini akaonyeshwa barua yake ya kujiuzulu, ina tarehe ya juzi yake.

Hapo wengi huondoka wakilia, na siku zinapita. Yeye siku hiyohiyo aliandika barua fupi kwamba hajaacha kazi na yuko tayari kuendelea, akaipeleka kwa nakala mbili, moja akagongewa muhuri wa kupokelewa. Nadhani barua hiyo ilimsaidia kuliko maneno yote aliyokuja kuyasema baadaye, maana ukikaa kimya mwezi mzima, ukimya wako utasomwa kama kukubali.

Mbele ya afisa kazi, kiwanda kilisema sahihi ni halali. Hakuna aliyebisha. Afisa akaomba karatasi za mahudhurio, na kumbe siku ya kwenye barua jamaa aliingia zamu ya mchana, akabaki na saa za ziada, msimamizi akasaini. Wino wa tarehe nao haukufanana na wa sahihi, ingawa hilo peke yake halithibitishi kitu. Hata wataalamu hupata shida kusema wino una umri gani.

Kisha afisa akampa kalamu na karatasi tupu: saini mara tatu. Sahihi zikatoka zimelala, mkia umekatika, sawasawa na zile za kwenye orodha za mishahara tangu ajali. Ile ya kwenye barua ilikuwa imesimama wima, ina mkia mrefu. Ilikuwa sahihi ya mkono wenye vidole vitano vizima, chini ya tarehe iliyokuja baada ya ajali.

Si kila mtu ana ushahidi wa namna hiyo mwilini, na wala simwombei mtu. Ukilazimika kusaini, andika tarehe ya siku hiyo kwa herufi ndogo ubavuni mwa sahihi yako. Wakikukatalia, jioni mtumie mwenzako ujumbe wa simu ueleze ulichosainishwa, kwa sababu ujumbe unabaki na tarehe yake. Italia walikwenda mbali zaidi. Tangu Machi 2016, kwa kazi nyingi, kujiuzulu hufanyika kwa fomu ya mtandaoni inayojiwekea tarehe yenyewe, na mtu ana siku saba za kubadili nia. Kwangu mimi hiyo ndiyo dawa, kwa kuwa inamnyang'anya karani kalamu ya kujazia tarehe.

Kiwanda kiliomba kuyamaliza nje. Akalipwa notisi na fidia, kazini hakurudi. Anachokisimulia mpaka leo ni lile faili karani alilolifungua mbele yake siku ile akitafuta barua: alipekua nyingine nyingi kwanza, zote zimesainiwa, zote nafasi ya tarehe iko wazi.