Sare: tukubaliane kitambaa, duka kila mtu achague lake

"Kwa nini skuli itulazimishe duka moja, sketi ya huko 18,000 na mtaani ipo ya 12,000?"

Assalaam alaykum wazazi wenzangu. Mimi nashona hapa Chake Chake na nina watoto wawili skuli hii, kwahiyo nasema kama fundi na kama mzazi anaetoa pesa mfukoni.

Nianze na upande wa skuli, maana nao wana hoja. Mwaka kila mtu aliponunua anapotaka zilitokea buluu nne mstarini, wengine iliyoiva, wengine imepauka kama ya mwaka juzi, na watoto wakaanza kutambuana nani kavaa ya bei rahisi. Na muuza duka nae tumtendee haki, yeye ananunua majora miezi kabla ya Januari, anashonesha saizi zote, zile ndogo sana na kubwa sana zinambakia, na mzigo wenyewe unavuka bahari kuja Pemba, yote hayo yamo ndani ya ile 18,000.

Lakini duka likiwa peke yake hakuna wa kulishindanisha nalo, na hapo ndo mzazi anapoumia. Mwaka jana nilinunua sketi tayari nikaifumua ndani, pindo nusu inchi, hakuna overloki, yani mtoto akirefuka kidogo hakuna cha kushusha, na bei ni ileile. Hilo siwezi kulitetea.

Sasa ile ya 12,000. Mwanangu aliivaa miezi mitano tu. Kitambaa kilikuwa chepesi, ukikiinua juani unaona mkono wako upande wa pili, na pale makalioni nyuzi zikaachana pembeni ya mshono. Mshono wenyewe ulikuwa mzima, kilichoshindwa ni kitambaa, na hapo fundi hana la kufanya kwasababu ukishona tena unazidi kuibana. Dada yake ana ile ya 18,000 ya kitambaa kizito, anaingia mwezi wa 14. Gawa uone: 12,000 kwa miezi mitano ni 2,400 kila mwezi, 18,000 kwa miezi 14 haifiki 1,300. Ya rahisi ndo ghali. Ila najua wapo humu ambao Januari hiyo 18,000 haipo, ana watoto wanne na madaftari juu yake, hesabu yangu ya miezi haimsaidii kitu siku ile, kwahiyo tusimlaumu alieenda kwa 12,000.

Mimi naona skuli ichague kitambaa, isichague duka. Kipande cha sampuli kibandikwe ofisini, kizito, mchanganyiko wa polista na pamba, tetroni hii mnayoijua. Pamba tupu ni baridi kaskazi ikipiga lakini inarudi ikifuliwa na buluu yake inapauka haraka. Polista tupu inadumu, ila mtoto anatoka jasho mpaka shati linamganda. Mchanganyiko unakaa katikati, sio baridi kama pamba lakini unavalika.

Kabla hujalipa chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni uziwashe. Ikiyeyuka ikawa kijidonge kigumu tupu hiyo ni polista, ikiacha majivu laini kama karatasi ni pamba, mchanganyiko unaacha vyote viwili. Halafu sugua kitambaa cheupe kilicholowa, ikitoka buluu usinunue, maana itachuja mpaka kwenye ushungi.

Na upana jamani, hapa ndo wengi tunaliwa! Unaambiwa mita moja 5,000 unafurahi, kumbe upana inchi 45, sketi ya mtoto wa darasa la sita inakula mita mbili, 10,000 hiyo. Cha 6,000 chenye inchi 60 kinatosha mita moja na nusu, 9,000. Mwambie muuzaji akufungulie upana upime kwa futi yako.

Ongeza ushoni 5,000, zipu na kifungo 1,000, inakuja 15,000 na pindo la inchi tatu unalishusha mwakani. Tukiwa wazazi 20 tunachukua jora la mita 30 kwa pamoja, hapo mwenye duka anazungumza nasi bei nyengine, na rangi inakuwa moja kwasababu jora ni moja, lile wasiwasi la walimu linaondoka.

Tatizo la njia hii ni sisi mafundi. Ukileta kitambaa karibu na Idd utakutana na foleni ya magauni na kanzu, sketi ya skuli itasubiri na mtoto atakaa nyumbani. Kwa asiekuwa na muda huo duka la nguo tayari libaki wazi, sharti kitambaa kilingane na sampuli na pindo lisipungue inchi mbili, mwalimu wa zamu apime kwa rula pale pale.

Vipande viwili nimekuja navyo hivi hapa mezani, kizito na chepesi. Vipitisheni mkono kwa mkono, vivuteni kwa nguvu, na wanaotaka kuingia kwenye jora waandikishe jina kwa katibu wa kamati kabla hatujatoka.