Mgonjwa Akiwa Usingizini, Mwanafunzi Ampime kwa Ridhaa ya Nani?

Mwanamke wa miaka 38 yuko kwenye meza ya upasuaji katika hospitali ya kufundishia. Anaondolewa uvimbe kwenye ovari ya kulia, na nusukaputi imeshamshika. Kabla ya kupasua, daktari bingwa anaingiza vidole viwili ukeni na kuubonyeza mkono wa pili juu ya kinena, ili apapase mfuko wa uzazi kati ya mikono hiyo: ukubwa wake, ulivyoelekea, kama unasogea au umegandamana. Kisha anahamia pembeni kuutafuta uvimbe. Akimaliza, anawageukia wanafunzi watatu wa udaktari na kuwaambia wavae glavu, kila mmoja ampime kwa zamu.

Kipimo cha daktari kilikuwa sehemu ya matibabu, kwani kinamsaidia kupanga upasuaji wake. Vipimo vitatu vinavyofuata havimwongezei mgonjwa chochote. Vinawafaa wanafunzi, na ubishi wote uko hapo.

Walimu wa udaktari wana hoja nzito. Mgonjwa aliye macho hukaza misuli ya tumbo, hasa akipimwa na mikono isiyo na uzoefu, na mwanafunzi huishia kugusa ugumu wa misuli tu. Chini ya nusukaputi misuli imelegea na maumivu hayapo, kwa hiyo hata ovari ndogo inaweza kupapaswa. Sanamu za mafunzo zinafundisha mpangilio wa hatua, ila miili ya watu haifanani. Daktari ambaye vidole vyake havijawahi kukutana na uvimbe halisi anaweza kuupita bila kuutambua. Hoja hii naikubali yote.

Ninapoachana nao ni pale wanaposema kwamba mgonjwa ameshakubali, kwa kuwa alisaini fomu ya kulazwa inayotaja kuwa wanafunzi watashiriki huduma yake. Fomu hiyo haimwambii kwamba watu watatu asiowajua wataingiza vidole ukeni mwake akiwa hajitambui. Anayesoma neno “kushiriki” hufikiria mwanafunzi aliyesimama pembeni akiangalia, au anayeshika mkasi. Na kwa sababu amelala, hawezi kusema basi, wala hatajua kilichotendeka.

Hofu iliyojificha nyuma ya kutouliza ni kwamba wanawake watakataa na mafunzo yatakwama. Katika utafiti wa Calgary, Kanada, uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 62 ya wanawake walisema wangekubali kupimwa na wanafunzi wakiombwa, na asilimia 14 walisema wangekataa. Asilimia 72 walitarajia kuombwa. Kwa hiyo wengi wako tayari kusaidia, mradi waulizwe.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu wanafunzi wa vyuo vya udaktari vya Philadelphia, Marekani, unanisumbua zaidi. Waliokwisha kupita zamu ya magonjwa ya wanawake waliona kuomba ridhaa kuna umuhimu mdogo kuliko walivyoona wenzao ambao hawajaipita. Pamoja na ufundi wa vidole, zamu ile iliwafundisha pia kwamba kuuliza si lazima.

Nyuzilandi ilishughulikia jambo hili mapema. Baada ya uchunguzi wa Jaji Silvia Cartwright kuhusu matibabu ya wanawake katika hospitali moja ya Auckland, uliotoa ripoti yake mwaka 1988, kanuni za haki za wagonjwa za mwaka 1996 zilieleza wazi kwamba haki hizo zinahusu pia ufundishaji. Marekani, Aprili 2024, serikali ya shirikisho ilizielekeza hospitali kupata ridhaa ya maandishi kwa vipimo vya aina hii vinavyofanywa kwa ajili ya mafunzo.

Lakini saini ikichukuliwa vibaya haina maana. Mwanamke anayepewa karatasi akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la upasuaji na ameshapewa dawa ya kumtuliza, hana nafasi ya kukataa. Aombwe kliniki, siku upasuaji unapopangwa. Aambiwe ni kipimo gani, kitafanywa na wanafunzi wangapi, na kwamba akikataa atapasuliwa na daktari yuleyule siku ileile. Mimi ningependa pia akutane na mwanafunzi mwenyewe asubuhi ya upasuaji, na ningeweka kikomo cha mwanafunzi mmoja, au wawili kwa idhini yake. Aliyeletwa na dharura akiwa hajitambui asitumiwe kwa zoezi hili kabisa.

Utaratibu huo utapunguza nafasi za kujifunza, na gharama hiyo ni ya kweli. Sehemu yake inaweza kufidiwa na wanawake waliofunzwa na wanaolipwa ili wapimwe wakiwa macho, huku wakimwelekeza mwanafunzi abonyeze wapi na kwa nguvu kiasi gani. Hao hawana uvimbe wa kupapaswa, ila humfundisha jambo ambalo mgonjwa aliyelala hawezi: kipimo chake kinauma au hakiumi.

Anayebaki njia panda ni mwanafunzi. Bingwa anayemwambia avae glavu ndiye pia atakayempa alama, na kuuliza “amekubali?” mbele ya timu nzima kunahitaji ujasiri ambao hatupaswi kumdai. Jibu la swali hilo lisomwe kwa sauti kutoka kwenye faili kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, pamoja na jina lake na upande unaopasuliwa, na bingwa ndiye awajibike ikiwa halikusomwa.