Mistari Minne ya Mwisho

Nilipokuwa kidato cha tatu, bwenini, mbali na nyumbani Sikonge, niliandika shairi la kukisifu kijiji. Ubeti mmoja bado ninaukumbuka neno kwa neno:

Kijijini nitarudi, mjini raha sioni,
Asali ipo zaidi, imejaa mizingani,
Hata jua si kaidi, nalala chini mwembeni,
Mwenye shamba hana budi, kucheka na majirani.

Mizani ilikaa, vina vikakaa, mwalimu akanisifu mbele ya darasa. Likizo fupi ya Pasaka ilipofika nikaenda nalo nyumbani, nikamkuta mama bani, kwenye nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto. Tumbaku ilikuwa ndani, siku ya nne ya moto, na zamu ya usiku ilikuwa yake. Anayelijua bani anajua kwamba moto wake haulali: ukipanda haraka kabla jani halijakauka sawasawa, jani linageuka kahawia na daraja linashuka, ukizembea mwishoni, uti wa jani unabaki na maji na majani yanaoza kwenye mtumba. Nikamsomea shairi pale pale, kwa mwanga wa tanuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma gogo ndani, kisha akauliza, "Hiyo mizinga, mwanangu, aliifungua nani?"

Aliyeifungua ni baba mdogo. Aliingia porini jioni na kienge cha moshi, akapanda miti gizani, akarudi alfajiri jicho moja limefumba kwa uvimbe. Kwenye shairi langu hayumo. Mama naye hayumo. Aliyemo ni mimi, nimelala chini ya mwembe.

Swali lile nimekaa nalo miaka mingi, na limenifundisha kusoma mashairi ya kusifu shamba kuliko maelezo yoyote ya darasani. Nataka kuonyesha linavyofanya kazi kwenye shairi moja ambalo ni kama babu wa mashairi ya aina hii huko Ulaya. Alilitunga Mrumi Horatius, na lilitoka yapata mwaka 30 KK. Lina mistari 70, na linaanza kwa kusema: heri yule aliye mbali na shughuli za mjini, anayelima shamba la baba yake kwa ng'ombe wake mwenyewe kama walivyofanya watu wa kale, asiyefungwa na riba yoyote.

Kuanzia hapo ni raha juu ya raha. Mtu huyu haamshwi na tarumbeta ya vita, haogopi bahari ikichafuka, hapigi hodi kwenye vizingiti vya wakubwa. Anaiegemeza mizabibu kwenye miti mirefu, anatazama ng'ombe wakilia bondeni, anapogoa, anabebesha matawi, anakamua asali na kuiweka kwenye mitungi safi. Vuli ikija anachuma matunda. Akichoka anajilaza chini ya mti mkongwe, maji yanapita, ndege wanalia, usingizi unakuja. Majira ya baridi anawinda nguruwe pori. Jioni mke wake yuko nyumbani na watoto, chakula kimeiva, na hakuna hata kimoja kilichonunuliwa sokoni. Anayeongea anasema hatamani chaza wala ndege wa Afrika. Ndege huyo huaminiwa kuwa ni kanga. Huku kwetu kanga anakatiza barabara ya Ipole bila kuulizwa na mtu. Roma alikuwa chakula cha meza za matajiri.

Hivyo ndivyo inavyokwenda kwa mistari 66. Halafu mistari minne ya mwisho inasema, kwa maneno yangu: alipokwisha kuyanena hayo Alfius mkopeshaji, ambaye sasa hivi tu angekuwa mkulima, akakusanya fedha zake zote katikati ya mwezi, na tarehe mosi anatafuta pa kuzikopesha tena.

Basi. Shairi limekwisha.

Sisi tuliokulia kwenye ushairi wa Kiswahili tuna faida mbele ya mwisho kama huu. Tumezoea kwamba ubeti wa tamati ndio wenye jina: mtunzi anafunga, anajitaja, anataja na anakotoka. Ukitaka kujua anayesema ni nani, unakwenda mwisho. Horatius anaitumia sehemu hiyo hiyo ya shairi, ila jina analolitaja si lake. Ni la mkopeshaji aliyevuma kwa kazi hiyo: Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza BK, anamkumbuka Alfius kwa msemo kwamba hata deni zuri huharibika lisipodaiwa. Na siku zilizotajwa nazo ni za kazi. Katikati ya mwezi, tarehe 13 au 15 kwa kalenda yao, na tarehe mosi, zilikuwa siku za kulipana madeni na riba. Kwa hiyo ndoto yote ya shamba imeishi wiki mbili na siku chache, muda ule tu pesa zimerudi mkononi na hazijapata mkopaji mwingine.

Wengi hufika hapo wakacheka, wakafunga kitabu. Mimi naona kazi ndipo inapoanza. Rudi juu usome tena ukijua ni Alfius anayeongea, na utaona kwamba mtunzi alikuwa akimfichua tangu mwanzo.

Anza na ile riba. Mkulima wa kawaida akiota maisha mema angetaja mvua au afya. Huyu anataja riba kwenye mstari wa nne, kwa sababu riba ndiyo anayoamka nayo kila siku.

Halafu fuata vitendo vya mwenye shamba kimoja kimoja. Anaegemeza, anatazama, anapogoa, anachuma, analala, anawinda. Kulima kumetajwa mara moja mwanzoni, na karibu na mwisho tunaona ng'ombe wamechoka wakiburuta jembe lililopinduliwa. Kati ya hapo hakuna anayepanda nafaka wala anayevuna. Miezi ambayo mkulima wa ngano anavunjika mgongo, shairi limeiruka yote. Anayefanya kazi isiyosubiri ni mke: ndiye anayepanga kuni mekoni mume asije akakuta baridi, anayefungia kondoo zizini, anayekamua, anayechota divai, anayepika. Mwenye heri ni mume.

Sasa sehemu inayonigusa kuliko zote. Mistari miwili ya mwisho ya ndoto, kabla jina la Alfius halijatajwa, inaonyesha watumwa wameketi kuizunguka miungu ya nyumbani inayong'aa. Neno la Kilatini lililotumika linamaanisha watumwa waliozaliwa humo humo nyumbani. Kiswahili cha pwani kina neno lake kamili, wazalia. Na wanaelezwa kwa sifa mbili: ni wa nyumba tajiri, na ni kundi, lakini kundi kwa neno linalotumika kwa nyuki.

Nilipolielewa neno hilo nilisimama. Kwenye mstari wa asali hakuna nyuki hata mmoja. Hakuna moshi, hakuna mwiba, kuna mitungi safi tu. Nyuki wanatokea mistari 50 baadaye, na ni watu. Hapo unajua nani amepanda na nani amevuna kwenye ile miezi iliyorukwa, na unajua pia kwamba lile shamba dogo la baba, la jozi ya ng'ombe na chakula kisichonunuliwa, halikuwahi kuwa dogo. Alfius hajaficha. Kwake kundi la wazalia ni pambo la mwisho la picha nzuri, kama taa sebuleni. Anayeliweka mahali tutakapoliona ni Horatius.

Hapa nina tahadhari moja, kwa sababu wanafunzi ninaokaa nao Tabora mjini jioni kusoma mashairi wakishaonja utamu wa kutafuta kilichoachwa, wanaanza kumshtaki kila mtunzi. Shairi la mistari kumi juu ya machweo Ziwa Tanganyika halina deni la kutaja bei ya dagaa. Kukosekana kwa kitu peke yake si ushahidi. Ninalolitafuta ni alama ndani ya shairi lenyewe: neno lisilolingana na wenzake, mali isiyoendana na umaskini unaosifiwa, chakula kilichoiva bila mpishi. Kwa Alfius alama ni "nyumba tajiri". Kwenye shairi langu ilikuwa ni mizinga iliyojaa asali huku mwenye shamba amelala.

Wapo wasomaji wanaosema mwisho ule unamcheka Alfius tu, na kwamba sifa za shamba ni za kweli. Siwapingi kabisa, maana maisha ya Horatius yanawapa nguvu. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Yeye mwenyewe alipigana upande ulioshindwa kwenye vita vya Filipi mwaka 42 KK, akarudi akakuta shamba la baba limekwenda. Baadaye tajiri Maecenas akampa shamba kwenye vilima vya Wasabini, akalipenda kwa moyo wote, na kwa maneno yake mwenyewe lilikuwa na watumwa wanane wa kulihudumia. Mtu wa historia hiyo anapoandika "shamba la baba" hatanii. Ninachoamini ni kwamba aliipenda ndoto na aliijua gharama yake, akaviacha vyote viwili kwenye shairi moja bila kuvipatanisha. Kinachoniuma ni waliokuja baadaye. Pope, Mwingereza, alipokuwa kijana mdogo alitunga shairi lenye mwanzo ule ule wa heri ya mtu na shamba la baba, tulivu na tamu, na Alfius hayumo. Ukimtoa mkopeshaji, unabaki na mwembe na aliyelala chini yake.

Mwaka jana msimu wa tumbaku ulipokwisha nililisimulia shairi la Horatius kijijini, tukiwa tumekaa na wazee nje ya nyumba ya baba mdogo. Niliwapa lote kwa Kiswahili, mpaka na mistari minne. Pale kila nyumba ina mtu aliyewahi kuchukua mkopo wa kausha damu ili amalizie pembejeo, kwa hiyo habari ya kukusanya katikati ya mwezi na kukopesha tarehe mosi haikuhitaji maelezo. Baba mdogo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza zile pesa Alfius alizozikusanya katikati ya mwezi zilitoka kwa nani.

Nilirudi nalo swali hilo Tabora, nikasoma tena mistari yote 70 nikimtafuta mkopaji. Hayumo. Hata Horatius, aliyetuonyesha mkopeshaji na wazalia, hakumtaja.