Dakika Mbili na Nusu kwa Kila Wimbo

Nilichelewa kikao cha kamati ya sherehe ya kufunga mwaka, na aliyechelewa hupewa kilichobaki. Chakula kilishapata mwenyewe, ukumbi ulishapata mwenyewe, hata kununua maputo kulikuwa na watu wawili. Kikabaki muziki. "Wewe si ndiye kijana?" katibu muhtasi akaniuliza. Nina miaka 38, lakini ofisini kwetu, ukiondoa binti wa mapokezi na wale watoto wa kompyuta, mimi ni wa kutumwa maji.

Hela ya dijei haikuwepo. Kulikuwa na hela ya spika mbili, mikisa, maiki na kijana wa kuzibeba. Nyimbo tungeleta wenyewe. Kamati ikaamua kila mfanyakazi apendekeze nyimbo mbili kwenye grupu la Watsapu, asije mtu kulalamika kwamba kabaguliwa. Tuko 24, kwa hiyo zikawa nyimbo 48. Hapo ndipo mama yetu mhasibu alipovuta kikokotoo. Kucheza ni kuanzia saa tatu usiku, saa tano kamili mwenye ukumbi anazima umeme. Dakika 120 gawanya kwa 48. "Dakika mbili na nusu kila wimbo," akasema, akaandika kwenye kumbukumbu za kikao. Tukapiga makofi. Haki bin haki.

Vijana walituma zao kabla sijamaliza kuandika tangazo: Bongo Fleva, amapiano, singeli. Wazee walichukua wiki nzima, tena kwa sauti. Mzee wa stoo alinitumia ujumbe wa sauti akiwa anaimba, kwa sababu jina la wimbo hakulikumbuka. "Mwanangu, ni ule wa yule bwana aliyeachwa." Nikamwambia, mzee wangu, kwenye muziki wa dansi nusu ya mabwana wameachwa. Akarudia kuimba, safari hii na magitaa kwa mdomo.

Ilinibidi nimwite kantini tusikilize pamoja, maana nyimbo hizo za zamani unaweza kuzikuta za aina mbili au tatu: ile iliyorekodiwa Radio Tanzania enzi hizo, halafu zilizopigwa upya miaka ya baadaye kwa kinanda. Nikimwekea ya kinanda anatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa maiti isiyo ya ndugu yake. Tulipoipata yenyewe, akafumba macho.

Mzee wa stoo ni Sikinde, yaani shabiki wa bendi ya Mlimani Park. Alikuwa akiwafuata DDC Kariakoo, na hadi leo Mlimani Park kwake ni chama. Dereva mkuu naye ni Msondo wa kufa na kuzikana. Hao wawili wanapakia gari moja kila siku na hawajawahi kukubaliana. Dereva aliponiletea nyimbo zake alikuja na hoja ya kisheria: Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU. "Sasa sherehe ya wafanyakazi unaifunguaje bila bendi ya wafanyakazi?" Nikamwambia aliyetuma mwanzo ndiye anayepigwa mwanzo. Akaniambia nimenunuliwa na stoo.

Siku ikafika. Ukumbi uko Sinza, pilau ilikuwa ya kutosha, hotuba ya bosi ikapita salama. Wakati wa kula nikapiga nyimbo za injili za dada wa masijala ambaye ameokoka, na hilo ndilo jambo pekee lililokwenda vizuri usiku ule. Saa tatu mhasibu akasimama pembeni yangu na simu yake, saa ya kuhesabu sekunde ikiwa tayari. Kila ikigonga mbili na nusu ananigusa bega, mimi nakata.

Nusu saa ya kwanza tulijiona wataalamu. Wimbo wa Bongo Fleva una dakika tatu, tatu na kitu. Ukiukata mbili na nusu umempunguzia mtu kiitikio cha mwisho ambacho ameshakiimba mara tatu. Singeli ndiyo haikujali kabisa: kule mambo yote yanatokea sekunde ya kumi, zinazobaki ni za kutafuta kiatu. Watoto wa kompyuta walikuwa wamelowa jasho. Wazee walikuwa wamekaa, wanasubiri zao kwa heshima, soda mkononi.

Ukaingia wa mzee wa stoo.

Kwanza haukusikika. Nyimbo za Radio Tanzania zilirekodiwa kwa upole, na za siku hizi zinatengenezwa zikiwa zimeshapandishwa sauti hadi ukingoni, kwa hiyo ukitoka hizi kwenda zile unadhani spika imekata. Nikapandisha kitufe hadi karibu na mwisho. Gitaa likajaa ukumbini. Mzee akaweka soda chini. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akalinyoosha bega. Akaenda kumwomba mama wa usafi, wakaingia katikati taratibu.

Asiyeujua muziki wa dansi atadhani wale wawili hawachezi. Sehemu ya kwanza ya wimbo ni ya kusikiliza: mwimbaji anatoa malalamiko yake, wewe unayumba tu, hatua moja huku, moja kule, unatunza pumzi. Kazi yenyewe iko mbele, baada ya dakika tatu au nne, pale malalamiko yanapokwisha, magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaingia na ngoma inakaza. Hiyo ndiyo chemko. Mtu wa dansi hanyanyuki kitini kwa ajili ya mashairi, ananyanyuka ili chemko imkute tayari uwanjani.

Mzee alikuwa tayari. Niliona mkono wake wa kulia unaanza kupanda. Bega langu likaguswa.

Nikakata, na wimbo uliofuata kwa zamu ulikuwa singeli. Kitufe cha sauti kilikuwa bado kule juu nilikokiweka kwa ajili ya Radio Tanzania. Sitaki kuongopa, vioo vya dirisha vilijibu. Mhudumu aliyekuwa anapita na trei ya soda aliiachia yote, kijana wa spika akaruka kuja kuokoa mali ya watu. Mzee wa stoo alibaki katikati ya ukumbi, mkono hewani, amezungukwa na watoto wanaotetemeka kama umeme. Mama wa usafi alishakimbia. Yeye hakukimbia. Aliushusha mkono taratibu, akarudi kitini, akavaa koti, akafunga vifungo vyote.

Dereva alicheka hadi akashika meza. "Sikinde wamekatiwa maji!"

Kicheko hicho kilidumu hadi Msondo ilipopigwa. Kitufe nilishajifunza kukishusha, lakini sekunde ni zilezile. Dereva alikuwa na mahesabu yake, akaingia uwanjani akiwa amechelewa makusudi ili asichoke. Alifika, akasimama, akapiga hatua mbili. Bega.

Katikati ya ajali hizo mbili kulikuwa na taarabu ya mama wa mapato, na hiyo ndiyo iliyoleta matatizo yanayoendelea hadi leo. Taarabu ya kisasa inaweza kupita dakika kumi bila kutafuta udhuru. Vyombo vinajitambulisha kwanza, kinanda kinazunguka, ndipo mwimbaji anaingia kwa adabu, na mpasho wenyewe unakuja baadaye. Sasa desturi ya taarabu ni kutunza: unainuka na noti, unatembea kwa mwendo wa madaha, na neno lile linapoimbwa noti unaipunga upande wa mtu wako, kila aliyepo ajue limemfikia nani. Mama wa mapato alifunga khanga kiunoni, akatoa elfu kumi mpya, akaanza kuja. Ukumbi mzima ukanyamaza. Alitembea mita kumi kama mtu anayevuka bahari. Akageuka kuelekea meza za wanawake, noti ikaanza kupanda.

Bega. Amapiano.

Noti ilibaki juu bila mpasho. Kwenye meza ile walikaa wanawake wanne, na hadi Januari kila mmoja aliamini ilikuwa yake. Wawili wamemwomba radhi. Mmoja amehama ofisi akakae ghorofa ya chini. Mama wa mapato mwenyewe ukimuuliza alikuwa anamlenga nani anasema, "Wimbo haukufika." Elfu kumi akairudisha kwenye pochi.

Nikiwa nasaka amapiano nyingine niliona kivuli mezani. Kumbe ni vivuli viwili. Mzee wa stoo na dereva, wamesimama bega kwa bega, Sikinde na Msondo, jambo ambalo hata menejimenti haijawahi kuliweza.

"Mwanangu," mzee akasema, "wewe una ugomvi na chemko?"

Nikamwonyesha mhasibu. Mhasibu akawaonyesha simu. Akaeleza vizuri tu kwamba kila mtu kapewa sawasawa, sekunde 150, hakuna aliyependelewa.

"Mama," dereva akamjibu, "mtoto umempa wimbo mzima, mimi umenipa utangulizi."

Mhasibu ni mtu wa vitabu. Alikaa kimya, akaangalia orodha, nikamwona anahesabu midomo ikicheza. Halafu akazima ile saa, akavuta kiti akakaa. Mzee wa stoo akaniambia nirudishe wimbo wake mwanzo na niondoe mikono mezani. Nikaiondoa, nikaiweka mapajani, dereva akanilinda.

Safari hii koti lilivuliwa likarushwa. Zikapita dakika tatu za malalamiko, watoto wa kompyuta wamekaa wanachezea simu zao. Kisha gitaa likageuka, tarumbeta zikalia, na mzee yule, anayebakiza mwaka mmoja astaafu, alishuka hadi magoti akarudi juu bila kushika kitu. Binti wa mapokezi alipiga ukelele. Simu zikageuzwa kurekodi. Baada ya dakika moja hapakuwa na mtu kitini, na bosi alikuwa nyuma ya mzee akijaribu kufuata miguu yake, akikosea kila hatua ya nne.

Dereva naye akadai wake mzima, kwa haki ileile. Kisha Sikinde wakadai wa pili kwa sababu Msondo ulikuwa mrefu zaidi. Mama wa mapato alikuwa bado anafunga khanga upya saa tano ilipogonga na umeme ukazimwa.

Nyimbo 21 hazikupigwa. Mhasibu amezibeba kwenye orodha ya mwaka huu kama madeni, kila moja na jina la mdai na urefu wake kwa dakika, na safu ya pembeni ameiandika "chemko inaanza". Taarabu peke yake imekula ukurasa.