Andika 12500, zile /= ziache dukani

Mama mmoja wa Muheza anayekusanya viungo kutoka milima ya Amani alinitumia orodha yake ya bei kwa WhatsApp. Alitaka niiingize kwenye Excel ampelekee mnunuzi wa Hamburg. Ilikuwa hivi:

```
Pilipili manga   12,500/= kwa kilo
Mdalasini        9.500/=
Iliki            45 elfu
Bei za tarehe 3/4/2025
```

Mimi na wewe tunaisoma bila kukwama. Wengi wangeinakili kama ilivyo, wapake rangi kichwa cha jedwali, watume. Kwa maoni yangu hiyo si kazi ya Excel, ni barua iliyopigiwa mistari.

Ukiandika 12,500/= ndani ya seli, Excel haioni bei. Inaona maneno, na inayaegemeza kushoto, wakati namba huegemea kulia yenyewe. Mjerumani akitaka kupiga hesabu ya kilo 500 atafuta zile alama mbili za mwisho. Kwake mkato hutenganisha desimali na nukta hutenganisha maelfu, kwa hiyo pilipili manga itageuka shilingi kumi na mbili na nusu. Cha kuchekesha, mdalasini wa 9.500, ambao mama aliukosea nukta, utasomeka sawasawa: elfu tisa mia tano.

Dawa ni kuweka 12500 tupu. Namba halisi huhifadhiwa bila mkato wala nukta, na ukiipa seli muundo wa namba wenye alama ya maelfu, kompyuta ya kila msomaji huivalisha alama za kwao: Muheza itaonekana 12,500 na Hamburg 12.500, bei ikiwa ileile. Orodha ikiwa ndefu, fomula hii inasaidia, kompyuta yako ikiwa kwenye mpangilio wa Kiingereza:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(B2,"/=",""),".",",")
```

Inaondoa /= kisha inaambiwa wazi kwamba nukta ni desimali na mkato ni maelfu. Seli iwe na bei peke yake. "Kwa kilo" iende safu ya kipimo. Kwa "45 elfu" italeta #VALUE!, na hilo halinisumbui, maana kosa linalopiga kelele utaliona na kuliandika upya 45000. Ninaloliogopa ni la mdalasini: fomula itatoa 9.5 kimya kimya. Ndiyo maana baada ya kugeuza huwa napanga safu ya bei kuanzia ndogo. Kilo ya mdalasini kwa shilingi tisa na nusu itajitokeza juu kabisa.

Sarafu nayo ipewe safu yake. Neno "Sh" halimwambii mgeni kitu, kwa sababu Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia wote wana shilingi. Andika TZS. Wapo wanaofuta shilingi na kubakiza dola tu. Mimi sikubaliani nao. Bei ya mama ni ya shilingi, na dola ni makadirio ya siku ile. Weka kiwango cha kubadilisha kwenye seli moja, tuseme H1, na tarehe yake pembeni, kisha:

```
=ROUND(C2/$H$1,2)
```

Kiwango kikiwa 2600, pilipili manga inatoka dola 4.81. Kesho kikibadilika unagusa seli moja, na mnunuzi anaona dola zimetoka kwenye kiwango gani.

Tarehe ndiyo iliyonipotezea muda zaidi. Kompyuta nyingi huku zimeachwa kwenye mpangilio wa Marekani zilivyotoka dukani. Ukiandika 3/4/2025 humo, inahifadhiwa Machi 4. Mjerumani atafungua aone 04.03.2025, nadhifu kabisa, na bei za mama zimezeeka siku 30. Kinachoumbua tatizo ni tarehe za baada ya 12: mashine ile haijui mwezi wa 13, kwa hiyo 13/4/2025 inabaki maneno na kuegemea kushoto. Ukikuta safu ya tarehe nusu imelala kulia na nusu kushoto, usizishughulikie za kushoto tu. Zile za kulia ndizo zilizogeuzwa vibaya. Andika 2025-04-03, mwaka kwanza, uchague muundo unaoonyesha hivyohivyo.

Kabla ya kutuma, nilibadilisha eneo la kompyuta yangu kuwa Ujerumani, nikafungua faili na kuzidisha kila bei kwa 500. Pilipili manga ilitoka 6.250.000, nikajua tumefika.

Mama alipoiona akauliza, "Mwanangu, mbona umenitolea zile /= zangu?" Nikamweleza kuwa ni mabaki ya enzi za senti, 4/50 ilipokuwa shilingi nne na senti hamsini. Akasema wateja wa dukani wasipoziona watadhani bei haijakamilika. Nikamchapia karatasi ya pili ya kubandika ukutani, yenye /= zake zote.