Mzee wa geti aliandika alichokiona

Asubuhi moja kwenye ghala la samaki Mwanza, mtunza stoo alichovya kijiti kwenye tangi la jenereta akakuta dizeli imepungua kama lita 60 tangu jioni. Kufikia saa tatu, mlinzi wa upande wa nyuma alikuwa ameshavuliwa sare mbele ya wapakiaji. Ufunguo wa jenereta alikuwa nao yeye, kwa hiyo mwizi alikuwa yeye.

Kijana alijitetea kwamba usiku umeme ulikatika, akawasha jenereta ili sangara wasiharibike. Meneja akampigia jirani simu. Jirani akajibu kwamba kwake taa ziliwaka usiku kucha. Hata mtunza stoo alikumbuka kuwa alipofika alfajiri taa ya geti ilikuwa inawaka. Neno la kijana likakosa pa kushika. Daftari la jenereta, ambalo lingemwokoa, lilikuwa limefungiwa ofisini tangu fundi aondoke jioni.

Mlinzi wa geti, mzee aliyekwisha maliza zamu yake, hakuwa ameondoka. Akasema, “Bosi, naomba daftari la lindo lisomwe kwanza.”

Ndani yake aliandika hivi:

“Saa 8:05 usiku, yaani 02:05. Taa za vyumba vya baridi zimezima, mashine zimenyamaza. Taa ya geti inawaka. Kwa jirani taa zinawaka. Nimepiga simu ya dharura ya umeme.

Saa 8:10 usiku, yaani 02:10. Mwenzangu amewasha jenereta. Nimefunga geti kwa kufuli, nimekwenda nyuma na tochi. Mita ya saa za jenereta inasoma 1482.3.

Saa 11:45 alfajiri, yaani 05:45. Mafundi wa umeme wamemaliza kazi kwenye nguzo. Jenereta limezimwa. Mita 1485.9.”

Ninachokiheshimu zaidi hapo ni kwamba mzee hakuandika “umeme umekatika”. Wengi wetu tungeandika hivyo, na jirani angetufanya waongo. Yeye aliandika taa zipi zimezima na zipi zinawaka, mpaka za jirani, ingawa kwa kuzitazama juu juu zilimkandamiza mwenzake. Kumbe ndizo zilizoeleza mkasa. Ghala lile linatumia umeme wa fezi tatu, yaani unaoletwa na nyaya tatu zenye moto, na usiku ule ilipotea fezi moja. Taa zilizofungwa kwenye fezi nyingine huendelea kuwaka kama kawaida, lakini mashine za baridi huhitaji zote tatu, na zikikosa moja hujizima au huungua. Jirani alisema kweli, na kijana alisema kweli.

Fundi alipofika akafanya hesabu. Mita ilisogea kwa saa 3.6, ambazo ni saa tatu na dakika 36. Kutoka saa 8:10 hadi 11:45 ni saa tatu na dakika 35. Jenereta lile likibeba vyumba vyote vya baridi hunywa kama lita 16 kwa saa, na 3.6 mara 16 ni lita 57.6. Tofauti iliyobaki haifiki lita tatu, na kijiti kwenye tangi pana hakiwezi kupima kwa uhakika zaidi ya hapo. Kama mita ingesogea saa moja tu, daftari hilo hilo lingemtia kijana hatiani, na ndiyo maana naliamini.

Zingatia pia saa. Mzee aliandika saa zetu na saa za simu pamoja, kwa sababu “8:10” ikisomwa ofisini bila neno usiku huwa ni asubuhi, na kwa tofauti hiyo ya saa sita mtu anaweza kuwekwa mahali ambapo hakuwepo.

Meneja alikuwa na haraka, na haraka hiyo sheria haiiruhusu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinataka uchunguzi ufanyike kabla ya shauri la nidhamu, na mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Na akiachishwa kazi, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ni halali. Pale kijana hakupewa hata nafasi ya kusema mita isomwe. Daftari la jenereta nalo linapaswa kukaa kwa mwenye ufunguo, si kwenye droo ya mtu anayelala nyumbani.

Kijana alirudishiwa sare ndani ya ofisi, mlango umefungwa. Hilo bado linanikera. Alivuliwa mbele ya wapakiaji, wakamwita mwizi wakisikilizana. Walipaswa kuitwa tena pale pale uwanjani, wasomewe ukurasa ule wa mzee, na meneja aombe radhi kwa sauti ile ile aliyomshutumu nayo.